Chai Kwenye Beseni la Ng'ombe

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde ishirini na nane. Najua hivyo kwa sababu baadaye watu wazima wenye tai waliipima, wakaiandika kwenye karatasi na kuipa namba ya kielelezo. Mimi nilipoirekodi sikupima chochote. Nilikuwa likizo na nilikuwa nimechoka kukaa.

Mama anauza vifaa vya mifugo hapa Busia, upande wa Uganda, mtaa wa nyuma ya maegesho ya malori. Kilichokuwa kinatoka sana wakati ule ni mabeseni ya kunyweshea. Ni beseni jekundu la plastiki, pana kama sinia la pilau, lenye tundu moja ubavuni. Kwenye tundu unafunga vali ya shaba yenye boya, na kwenye vali unaunga mpira unaotoka kwenye tangi. Ng'ombe akinywa, maji yanashuka, boya linashuka nayo, vali inafunguka. Maji yakijaa, boya linapanda, vali inafunga. Aliyewahi kuchungulia tangi la choo cha kuvuta ameshaelewa. Wakulima wa Buteba waliyapenda, na wa Osukuru wakayapenda zaidi, kwa sababu yalipunguza mizozo ya nani ataamka kumwagia ng'ombe maji.

Sasa siku hiyo nikachukua beseni moja stoo, nikalijaza chai ya maziwa, nikawaita wanaume wanne wa steji ya boda waliokuwa hawana abiria. Nikawapa mirija mirefu. Wakakaa kwenye viti vya plastiki, beseni katikati, wakavuta chai kwa mirija kama wazee wa klabu ya ajon wanavyovuta pombe yao ya wimbi kwenye chungu. Mmoja akajifanya amelewa, akaanza kudai mahari ya dada yake. Mimi nyuma ya simu nikatangaza kwa sauti ya redio: "Vyombo vya kisasa vya nyumbani, vimeingia. Wahi chako." Nikaweka kwenye stetasi.

Mama alipata simu kabla sijapata hata kicheko cha kumi. Mke wa imamu alikuwa anauliza kama ni kweli dukani kwetu siku hizi watu wanakunywa ajon. Nilikwenda kuomba radhi nyumba tatu, na kila nyumba ikabidi nieleze kwamba ilikuwa chai, yenye tangawizi. Nikafikiri yameisha.

Miezi ikapita. Wakaja wakaguzi wa forodha, wale wanaokuja baada ya mzigo kuingia na kuuzwa, wanaotaka kuona makaratasi ya nyuma. Walikuwa wapole, wakanywa soda, wakahesabu, wakapiga picha. Kisha ikaja barua.

Barua ilisema hivi, kwa lugha ndefu. Mama ameingiza mizigo mitatu ya mabeseni, na yote mitatu ameitangaza kama mitambo ya ufugaji, ambayo kwenye kitabu cha ushuru cha Jumuiya inatozwa asilimia sifuri. Mamlaka ya mapato inaona si mitambo. Ni vyombo vya nyumbani vya plastiki, asilimia ishirini na tano. Alipe tofauti ya mizigo yote, na riba juu.

Mabeseni mengi yalikuwa yameshauzwa, yapo kwenye mazizi, ng'ombe wanayalamba. Huwezi kumfuata mzee wa Osukuru umwambie aongeze robo ya bei kwa sababu mtu wa Kampala amebadili ukurasa. Mama alipiga hesabu mara moja tu, akafunga kikokotoo. Akasema, "Tukishindwa mizigo yote mitatu, nafunga duka. Narudi kuuza mitumba upande wa pili wa mpaka." Alianzia huko, chini ya turubai, na mgongo wake bado unalalamika.

Aliyetangaza mizigo ile forodhani ni ami, mdogo wake marehemu baba. Ami ni wakala wa forodha na anajivunia kwamba anakijua kitabu cha ushuru kwa namba. Ukimwonyesha kijiko atakutajia kifungu chake. Yeye na wakili aliyekodiwa na mama wakaandika pingamizi kwa kamishna ndani ya siku thelathini, kwa sababu sheria haingoji. Kamishna akajibu kwamba anabaki na msimamo wake. Na nyuma ya jibu akaambatisha picha iliyotolewa kwenye video yangu, ambayo kumbe mtu aliihifadhi ikawafikia: mwanaume wa boda, mashavu yamebonyea, anavuta mrija. Chini yake maneno yangu mwenyewe yamenukuliwa. Vyombo vya kisasa vya nyumbani.

Ami aliisoma, akanigeukia.

"Katika maneno yote ya Kiswahili," akasema, "ukachagua yale yale ya kifungu chao."

"Ami, mimi nilikuwa nacheka tu."

"Nakwambia hata mimi ningekuwa kamishna ningekushukuru."

Hatua iliyobaki ilikuwa baraza la rufaa za kodi. Hawa si mahakama ya wezi wa kuku. Ni watu wanaokaa kusikiliza kodi peke yake, wengine wanasheria, wengine wahasibu, wengine wahandisi. Una siku arobaini na tano za kufika kwao, na kabla hawajakusikiliza lazima uweke asilimia thelathini ya kile unachodaiwa. Mama akauza pikapu. Kuanzia hapo mizigo ya dukani ikawa inabebwa na boda, wale wale wanne, na kila wakifika walikuwa wananiuliza kama chai ipo. Mama akiwa karibu hawakuuliza.

Kuna jambo nililigundua nikiwa nimekaa na ile picha, natafuta namna ya kuifanya isichekeshe. Niliivuta kwa vidole ikawa kubwa. Ubavuni mwa beseni, pale kwenye tundu, palikuwa na gunzi la mahindi. Nililiziba tundu kwa gunzi ili chai isimwagike.

Nikakumbuka kwa nini nilitumia gunzi. Vali hazikuwepo.

Ule ulikuwa mzigo wa tatu, mkubwa kuliko yote. Mama hujaza kontena kwa kushirikiana na wafanyabiashara wengine, na safari ile mabeseni yalikuwa yamebana sana. Vali ni ndogo lakini nzito. Mwenzake aliyekuwa analeta magodoro ya sponji alikuwa na kontena jepesi, akamwambia mama weka maboksi yako humo, hayanizidishii kitu. Mama akaona ameokoa nauli. Mabeseni yakafika, ami akayatoa forodhani kama mitambo ya ufugaji kama alivyofanya mara mbili za mwanzo, kwa sababu machoni pake kitu kilikuwa kile kile. Kontena la magodoro likachelewa bandarini. Vali ziliingia zaidi ya wiki mbili baadaye, kwa tamko jingine la forodha, kama vali tu. Na mimi nikapiga video yangu katikati ya siku hizo, wakati beseni bado ni beseni tu, si mtambo.

Nilimfuata mama jikoni nikamwonyesha. Alikuwa anachambua mchele. Aliangalia picha, akaangalia gunzi, mkono ukasimama juu ya ungo.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Sijui. Wao wanaangalia mashavu ya yule jamaa."

"Wakili umemwambia?"

"Hapana."

Mama alikuwa ameshatia sahihi maelezo yake ya ushahidi. Yalisema mabeseni yote yaliingia na vali zake. Sidhani alidanganya wakati anaandika. Kichwani mwake yaliingia na vali zake, kwa sababu alizinunua pamoja, akazilipia pamoja, na mwishowe zikalala stoo moja. Lakini sasa alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua kwamba anajua.

"Wakikuuliza chai, jibu chai," akasema. "Ambalo hujaulizwa usilijibu."

Akaendelea na mchele.

Baraza lina makao Kampala lakini hutembea, na safari ile lilikuja kukaa Tororo, kwenye ukumbi wa mikutano wa hoteli moja. Ukutani bado kulikuwa na mapambo ya harusi ya Jumamosi. Watatu wakakaa mezani: mwenyekiti mwenye sauti ya usingizi, mzee mmoja aliyekuwa anaandika kila kitu, na mama mmoja mwembamba, mhandisi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Kiingereza kilikuwa kingi. Nayaandika maneno yao kwa lugha yetu.

Asubuhi ilikuwa yetu. Jukumu la kuthibitisha liko kwa anayekata rufaa, kwa hiyo wakili wetu alileta beseni, vali, ndoo ya maji na mpira. Ami akapanda juu ya kiti na ndoo, suti yake ya Idi ikalowa kiwiko. Maji yakaingia, boya likapanda, yakakata. Yule mhandisi akainuka, akachota maji kwa kikombe chake, boya likashuka, maji yakarudi. Akachota tena. Nadhani angeachwa angechota mpaka jioni.

Wakili wetu akasoma kitabu cha maelezo kinachofuatana na kitabu cha ushuru. Kinataja chombo cha kunyweshea chenye bakuli la chuma na kibati ambacho mnyama akikisukuma kwa mdomo kinafungua vali. Hicho kimewekwa pamoja na mitambo ya ufugaji.

"La chuma," akasema wakili wa mamlaka, kijana nadhifu mwenye viatu vinavyolia. "Hili ni plastiki."

"Na sura ya plastiki ndani ya kitabu cha ushuru," wakili wetu akajibu, "inasema vitu vyote ni vyake isipokuwa mitambo. Kwa hiyo kwanza tuulize kama ni mtambo, plastiki baadaye."

Mzee aliyekuwa anaandika akatikisa kichwa kwa kukubali. Ami alinifinya bega.

Kisha wakacheza video. Ukumbi mzima ukaona mashavu yale kwenye ukuta, makubwa kama mlango. Mwenyekiti akaamka kabisa. Mimi nikaitwa, kwa sababu wakili wetu aliona bora mwenye mzaha aeleze mzaha wake kuliko kuuacha useme peke yake. Nina miaka kumi na saba. Niliapa kwa Msahafu.

Wakili wa mamlaka akaja mbele, viatu vikilia.

"Hiyo sauti ni ya nani?"

"Yangu."

"Uliita hivi vitu nini?"

"Vyombo vya kisasa vya nyumbani."

"Wewe umekulia kwenye duka hili. Unajua bidhaa."

"Ndiyo, bwana. Pia wiki ile ile nilimvalisha mbuzi wa jirani sare ya shule, na hajawahi kufanya mtihani."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaficha mdomo kwa faili. Wakili wa mamlaka mwenyewe akatabasamu, na hapo nikajua nimepona, kwa sababu akageuka kurudi kitini. Nikaanza kuinuka.

"Kaa kidogo, binti," akasema yule mhandisi.

Alikuwa amevaa miwani. Aliomba video irudishwe, isimamishwe kabla ya wanaume kuinama. Akasogea mpaka karibu na ukuta na kunyoosha kalamu.

"Hapa ubavuni umeziba na nini?"

Nikamtazama mama. Alikuwa amekaa mstari wa pili, ushungi wa kijani, mikono juu ya pochi. Hakunikonyeza. Hakutikisa kichwa. Alikuwa ananitazama tu kama ananiona kwa mbali, mtu anayevuka barabara. Niliwaza kusema sikumbuki. Ni neno jepesi sana hilo, na walimu wangu wote wameshalisikia kwangu. Hata ulimi ulikuwa umeshalishika. Lakini mkono ulikuwa umetoka kushika Msahafu, na yule mhandisi hakuwa ananichekea wala kunitisha. Alikuwa anataka kujua tu, kama alivyotaka kujua kuhusu boya.

"Gunzi," nikasema.

"Kwa nini gunzi, na vali ipo?"

"Haikuwepo."

"Uliitoa?"

"Hapana. Zilikuwa bado hazijafika."

Kalamu ya yule mzee ikasikika ikiandika. Wakili wa mamlaka, aliyekuwa ameshakaa, akasimama taratibu kama mtu aliyeokota noti barabarani na anangoja kuona kama mwenyewe yupo.

Wakili wetu akaomba mapumziko ya dakika kumi. Kwenye korido, karibu na chungu cha maua ya plastiki, akamgeukia mama. Hakupandisha sauti.

"Mama, kuna kitu hukuniambia."

"Zilikuja na kontena la magodoro," mama akasema. "Siku nyingine. Nilitaka kuokoa nauli."

"Shemeji," ami akasema. Akafungua mkoba wa makaratasi. Yeye ndiye aliyeandika tamko lile, namba aliziandika yeye.

"Nikibaki na maelezo yangu itakuwaje?" mama akauliza.

Wakili akavuta pumzi. "Wataitisha tamko la vali, wataona tarehe. Kisha hata mizigo miwili ya mwanzo hawataniamini."

Mama alifungua pochi, akaifunga. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nimeegemea ukuta, natamani anitukane. Angenitukana ningejua nisimame wapi. Alichofanya ni kunirekebishia kola ya shati la shule, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akarudi ndani.

Alipanda mwenyewe mbele. Akasema maelezo yake kuhusu mzigo wa tatu hayakuwa sahihi, akaeleza kontena la magodoro, akajibu kila swali kwa sentensi fupi. Wakili wa mamlaka alimuuliza kwa nini alisubiri mpaka binti yake aseme. Mama akasema, "Kwa sababu nilikuwa naogopa." Kijana yule akakaa. Ami akatoa matamko yote mawili kwenye mkoba, tarehe zikasomwa kwa sauti.

Mhandisi akauliza swali la mwisho kuhusu mizigo miwili ya mwanzo: vali zilikuwa zimefungwa kwenye mabeseni au zimewekwa pembeni? Ami akasema pembeni, kwenye boksi lake, lakini kontena moja, tamko moja, siku moja. Akaonyesha orodha ya maboksi. Mhandisi akazihesabu moja baada ya nyingine kwa ncha ya kalamu, na ukumbi wote ukamngoja.

Tulirudi Busia. Wiki zilizofuata tulingoja uamuzi. Mama hakunikasirikia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa ananituma kama kawaida, ananipa chakula kama kawaida, na hakutaja Tororo. Wateja wakiulizia mabeseni alikuwa anawaambia yameisha, ingawa yalikuwepo. Hakujua ayauze kwa bei gani. Nilifuta stetasi zangu zote. Jamaa wa boda wakaniuliza kama nimefiwa.

Uamuzi ulikuja kwa barua pepe ya wakili, kurasa nyingi. Mama akaniita stoo, akanipa simu, akakaa juu ya boksi. Ami alikuwa amesimama mlangoni.

"Soma," mama akasema. "Kiingereza chao kinanichosha."

Nilisoma nikitafsiri. Mizigo miwili ya kwanza: beseni, vali na boya vikifika pamoja mpakani, hata kama havijaunganishwa, ni kitu kimoja kilichokamilika, na kitu hicho ni mtambo wa kunyweshea mifugo. Asilimia sifuri. Dai la mamlaka juu ya hiyo miwili limefutwa. Ami alishika fremu ya mlango.

Mzigo wa tatu: kitu kinaangaliwa kama kilivyo siku kinapotangazwa. Siku ile kulikuwa na beseni lenye tundu. Bila vali halifungui wala halifungi chochote, na halina tabia ya mtambo. Vali zilizokuja baadaye kwa tamko jingine haziwezi kurudi nyuma kulikamilisha. Asilimia ishirini na tano, mama alipe.

"Amana tuliyoweka?" mama akauliza.

Ami alikuwa ameshaanza kukokotoa. Amana ingekula sehemu kubwa ya deni la mzigo wa tatu. Kilichobaki kingelipika kwa awamu, kama wakikubali. Pikapu haikuwa inarudi.

"Duka?"

"Duka linabaki, shemeji."

Mama hakusema alhamdulillahi kwa sauti, lakini midomo ilicheza. Ami akasema wakili ameuliza kama tunataka kwenda Mahakama Kuu kwa huo mzigo wa tatu, ila huko wanasikiliza hoja za sheria tu, na tarehe ya vali si hoja ya sheria.

"Siendi popote," mama akasema. "Kuna kingine hapo?"

Kilikuwepo. Aya moja ilikuwa inahusu video. Baraza lilisema halikuipa uzito maneno wala chai, kwa sababu mtu anachofanya na kitu baada ya kuvuka mpaka, au jina analokiita, hakibadilishi kilivyokuwa kilipovuka. Ila lilizingatia gunzi, na jibu la shahidi, ambalo liliona ni la kweli.

Nilisoma hiyo ya mwisho haraka haraka.

"Rudia," mama akasema.

Nikarudia. Akanyoosha mkono nikampa simu, akaitazama ile aya muda mrefu kuliko mtu anayechoshwa na Kiingereza anavyoweza kuitazama. Kisha akasimama, akakung'uta sketi, akavuta boksi la mabeseni kutoka kwenye rafu ya chini.

"Haya ya mzigo wa tatu bei inapanda," akamwambia ami. Halafu akanigeukia mimi. "Wewe chukua kalamu. Andika bei mpya kwenye kila moja. Na usiongeze neno."